Simu za kuku kwa muuza samaki: jinsi ya kuandika kichwa cha ukurasa na maelezo yake kwenye Google

Hotuba niliyoitoa Kisumu mbele ya wafanyabiashara wadogo na vijana wanaowatengenezea tovuti. Nimeiandika upya kwa ajili ya wale waliochelewa matatu.

Wazee wangu, akina mama mlioacha vibanda Kibuye mkaja kunisikiliza, vijana wa kompyuta mliojaa kule nyuma, hamjambo. Feni ya ukumbi huu imegoma na joto la ziwa mnalijua, kwa hivyo nitawasimulia kisa kimoja tu na nikae nacho mpaka mwisho.

Kuna bwana mmoja upande wa Ahero anayetotolesha vifaranga wa samaki. Ana vidimbwi, ana matangi, na anauza tilapia na kambare kwa wafugaji wa Siaya, Vihiga, Kakamega mpaka Bungoma. Mpwa wake alimtengenezea tovuti. Siku moja akanipigia kwa hasira: "Dada, hii tovuti inanitukana. Nusu ya watu wanaopiga simu wanataka kuku."

Nilicheka kwanza, nikaomba radhi, halafu nikafungua simu yangu na kuutafuta ukurasa wake kwenye Google. Kichwa chake, yale maandishi makubwa ya buluu unayobonyeza, kilisomeka hivi: "Karibu Kwetu | Vifaranga Bora kwa Maendeleo ya Jamii". Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maelezo yaliyoanza kwa "Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa huduma bora kwa wateja wetu wapendwa", yakaendelea na dira na dhamira mpaka yakakatwa katikati ya neno "uadilifu".

Nikamuuliza, "Mzee, samaki wametajwa wapi hapa?" Akanijibu, "Si kuna picha kubwa ya ngege hapo juu?"

Picha ipo kweli, tena nzuri. Lakini picha iko ndani ya ukurasa, na mtu anayetafuta bado yuko nje. Ana simu mkononi, mbele yake kuna orodha ya maandishi, na anaamua kwa mistari mitatu aende kwa nani. Neno "vifaranga" bila neno "samaki" katika Kenya hii ni kuku. Kila aliyetaka vifaranga wa kienyeji alimwona mzee wetu na baadhi yao wakapiga simu. Yule wa Vihiga aliyechimba kidimbwi akitafuta tilapia alipita bila kujua kwamba amepita mlango wa samaki.

Sasa niwaambie vijana mambo hayo yanaandikwa wapi, kisha nirudi kwa mzee. Kichwa na maelezo vinakaa sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji hapaoni. Kama unatumia WordPress, kwa kawaida unaongeza programu ndogo inayokupa visanduku viwili vya kujaza. Visanduku hivyo ndivyo vinavyotoa mistari hii miwili:

```html
<title>Vifaranga wa samaki Kisumu: bei ya tilapia na kambare</title>
<meta name="description" content="Tilapia madume na kambare, kuanzia vifaranga 500. Bei kwa ukubwa, siku za kuchukua na jinsi tunavyowafungasha kwa safari ya hadi saa sita.">
```

Hayo ndiyo tuliyoishia kuyaandika, ila hatukuyapata siku ya kwanza. Nitawaeleza tulivyofika hapo, maana kazi yenyewe ilikuwa kwenye kuchagua maneno.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika kwa maneno ya Kisumu. Niliweka "bei ya ngege". Sisi wa ziwani ngege ni ngege, hatuhitaji tafsiri. Halafu nikafungua Search Console, ile huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu waliandika nini kabla ya kuuona ukurasa wake. Unaingia `Performance`, unachuja kwa ukurasa mmoja, kisha unasoma orodha iliyo chini ya `Queries`. Nikakuta `bei ya vifaranga`, `vifaranga wa kienyeji`, `vifaranga wa mwezi mmoja`, na hao wote ni watu wa kuku. Kisha huku chini, wachache wachache, `vifaranga vya samaki kisumu`, `vifaranga wa tilapia bei`, `kambare wa kufuga`. Ngege hakuna hata mmoja. Wateja wake wengi wanatoka Kakamega na Bungoma, na huko hawasemi ngege. Nikalifuta neno langu la nyumbani nikaandika tilapia, ingawa moyo uliniuma kidogo.

Hapo mwalimu wa Kiswahili ameinua kidole, namwona. Ni "vifaranga wa" au "vifaranga vya"? Watu wanaandika yote mawili. Nilijaribu yote mawili kwenye simu yangu na matokeo yakawa karibu yale yale, kwa hivyo chagua moja unaloliamini na usiyarundike yote kwenye kichwa. Kichwa chenye "vifaranga vya samaki, vifaranga wa samaki, samaki vifaranga, bei vifaranga" kinasomeka kama mtu anayepiga kelele stendi, na Google wenyewe wamesema kurudia maneno namna hiyo ni sababu mojawapo ya wao kukitupa kichwa chako na kuweka chao.

Tazameni mpangilio. "Vifaranga wa samaki Kisumu" imekuja mbele kwa sababu hilo ndilo swali la mtafutaji, na kwa sababu sehemu ya mwisho ndiyo hukatwa nafasi ikiisha. Google haijaweka kikomo cha herufi. Inakata kulingana na upana wa skrini, na kwa kompyuta upana huo unatosha takriban herufi 50 hadi 60. Nasema takriban kwa sababu herufi m na w zinakula nafasi kuliko i na l, na Kiswahili chetu kina m na w za kutosha. Kichwa cha mzee kina herufi 53 pamoja na nafasi zilizo katikati, kwa hivyo kinaingia chote. Jina la biashara yake hatukuliweka. Siku hizi Google huonyesha jina la tovuti peke yake juu ya kichwa, na kulirudia ni kutupa nafasi, isipokuwa kama jina lako ndilo watu wanalolitafuta.

Tukaja kwenye maelezo. Hapa watu wengi wanadhani wakijaza maneno ya kutafutwa watapanda juu. Google walishasema tangu 2009 kwamba maelezo haya hayahesabiwi katika kupanga nani awe wa kwanza. Kazi yake ni moja tu, kumsaidia aliyekwisha kuuona ukurasa wako aamue kama atabonyeza. Kwa hivyo nilimuuliza mzee swali tofauti: "Mteja akikupigia simu, anauliza nini kwanza?" Akanihesabia kwa vidole. Wanauliza kama tilapia ni madume watupu, kwa sababu wakichanganyika na majike wanazaana ndani ya kidimbwi, wanajaa na kudumaa. Wanauliza kiwango cha chini cha kununua. Wanauliza wachukue siku gani. Na wa mbali wanauliza kama samaki watafika hai.

Maswali hayo manne ndiyo maelezo yenyewe. Yasomeni tena pale juu, kila kipande kinajibu moja. Yana herufi 138. Kwenye kompyuta huonekana takriban 155 hadi 160, kwenye simu pungufu, mara nyingi kama 120. Ndiyo maana madume na idadi ya chini viko mwanzo, na safari iko mwisho ikisubiri bahati yake. Neno "kampuni inayoongoza" halimo, kwa sababu hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kupiga simu kuuliza hilo.

Mtaniuliza mbona hatukuandika bei yenyewe. Hapo nina kovu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nakuru, nikaweka bei ya mfuko wa saruji ndani ya kichwa. Watu walibonyeza kweli, tulifurahi wiki mbili. Halafu saruji ikapanda. Ukurasa ukabadilishwa bei, kichwa kikasahaulika, na aliyekisahau ni mimi. Siku moja mzee mmoja aliingia dukani ameshika simu kama mtu aliyeshika kitambulisho, akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Nimekuja kuchukua kwa bei hii hapa." Mwenye duka akamuuzia kwa hasara mifuko kumi, kisha akanipigia. Tangu siku hiyo, bei naiweka kwenye kichwa kama tu kuna mtu mwenye jukumu la kuibadilisha, au kama mfumo wa duka unaiandika wenyewe. Vivyo hivyo mwaka. Kichwa chenye mwaka uliopita kinamwambia mtafutaji kwamba mwenye nyumba alishahama.

Basi tukaweka kichwa kipya na maelezo mapya kwa mzee. Nikaenda Search Console, nikabandika anwani ya ukurasa pale juu kwenye kisanduku cha kukagua, nikabonyeza `Request indexing` ili Google warudi kuusoma. Tukangoja. Zikapita siku kadhaa, tukatafuta, na tukakuta nini? "Vifaranga Bora". Mzee akadhani nimemdanganya.

Kwanza lazima ujue kama Google wamekwisha kuusoma ukurasa upya au bado, na Search Console inakuonyesha tarehe ya mwisho waliyoutembelea. Walikuwa wameutembelea. Basi haikuwa kuchelewa, walikisoma kichwa chetu wakakikataa. Tangu Agosti 2021 Google walibadilisha namna ya kutengeneza vichwa vya matokeo, na mwezi uliofuata walisema kwamba kichwa alichoandika mwenye ukurasa hutumika takriban asilimia 87 ya wakati. Zilizobaki wanachukua kwingine: kichwa kikubwa kinachoonekana ndani ya ukurasa, maandishi mengine makubwa, hata maneno ambayo wengine wametumia kuunganisha na ukurasa huo. Wanafanya hivyo wakiona kichwa ni tupu, kimepitwa na wakati, kinarudiwa kwenye kila ukurasa, au hakilingani na kilichomo ndani.

Kwa mzee ilikuwa hiyo ya mwisho. Kichwa chetu kilisema bei ya tilapia na kambare, lakini ndani, kwa herufi kubwa kama bango la mkutano, bado palikuwa na "Vifaranga Bora", na neno bei halikuwepo popote. Kwa macho ya mashine, sisi ndio tulioonekana waongo. Tukabadilisha maandishi yale makubwa yakawa "Bei ya vifaranga wa samaki: tilapia na kambare", tukaweka jedwali la bei kwa ukubwa wa samaki, tukaomba usomwe tena. Safari hii kichwa chetu kikatoka kama tulivyokiandika.

Maelezo nayo yana tabia yake, hata zaidi ya kichwa. Mtu akiandika `vifaranga wa tilapia bei`, Google wanaonyesha maelezo yetu. Lakini siku moja nikajaribu `jinsi ya kusafirisha vifaranga wa samaki`, na ukurasa wetu ukatokea na maneno mengine kabisa. Walikuwa wamechota aya moja ya ndani ambayo mzee mwenyewe aliiandika, inayosema samaki hawalishwi siku moja kabla ya safari, na kwamba mfuko wa plastiki hujazwa maji theluthi moja na theluthi mbili zinazobaki ni hewa ya oksijeni. Maneno yaliyofanana na swali yamekolezwa wino. Kwa kweli aya ile ilikuwa nzuri kuliko chochote ambacho ningeandika. Kwa hivyo msikasirike mkiona maelezo yenu yamebadilishwa. Soma kilichowekwa. Kikiwa kizuri, kiache. Kikiwa ni takataka, kama orodha ya menyu au onyo la vidakuzi, basi tatizo ni kwamba ukurasa hauna aya inayojibu swali hilo vizuri. Iandike aya hiyo.

Sasa kupima. Hapa ndipo vijana wengi wanajidanganya, nami nilijidanganya mara nyingi. Search Console inakupa mara ulizoonekana, mara ulizobonyezwa, na asilimia inayotokana na kugawanya. Tuchukue namba za mviringo, za mfano tu. Tuseme ukurasa umeonekana mara 2,000 na kubonyezwa mara 20. Hiyo ni asilimia 1, utasema kichwa ni kibovu. Lakini gawanya kwa swali. Kati ya zile 2,000, mara 1,400 ni watu wa kuku waliobonyeza mara 2, na mara 600 ni watu wa samaki waliobonyeza mara 18. Kwa watu wa samaki hiyo ni asilimia 3. Ukibadilisha kichwa na watu wa kuku wakaacha kukuona, asilimia ya jumla itaruka kutoka 1 hadi 3 bila mnunuzi hata mmoja kuongezeka! Utafanya sherehe kwa kitu ambacho hakijatokea.

Kwa hivyo mimi naangalia maswali machache tu, yale ya wateja wa kweli, moja moja, na kila moja naangalia nafasi yake kabla ya kitu kingine. Ukurasa ulio nafasi ya tisa haubonyezwi sana hata uandikwe na malenga, na ukipanda kutoka ya tisa hadi ya tatu mibonyezo itaongezeka hata kama hukugusa kichwa. Linganisha swali lile lile, likiwa katika nafasi ile ile au karibu yake, siku 28 kabla na siku 28 baada. Kwa biashara kama ya mzee, uangalie pia majira. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikianza watu wanajaza vidimbwi, kwa hivyo ukilinganisha Februari na Aprili utaisifu kalamu yako kwa kazi iliyofanywa na mvua. Search Console inahifadhi miezi 16, basi linganisha Aprili na Aprili.

Na kuna maswali ambayo kichwa hakiwezi kuyaokoa. Mtu akitafuta duka lililo karibu naye, ataona ramani kwanza, na pale kinachosomwa ni jina la biashara, saa za kufungua na maoni ya wateja. Akitafuta jambo linalojibiwa papo hapo juu ya ukurasa wa matokeo, mara nyingi hatabonyeza mtu yeyote. Usikeshe ukiandika upya kichwa kwa ajili ya hao.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza, kabla sijaanza, kama aandike kichwa kwa Kiingereza kwa sababu wateja wake wengine wanatafuta kwa Kiingereza. Wapo kweli, hata kwa mzee tuliona `fingerlings kisumu price`. Jibu langu ni kwamba kichwa kifuate lugha ya ukurasa. Google wanajaribu kulinganisha lugha ya kichwa na ya maandishi yaliyomo, na Kiingereza juu ya ukurasa wa Kiswahili kinaweza kubadilishwa. Isitoshe, aliyebonyeza akitegemea Kiingereza atarudi nyuma mara moja. Mwenye wateja wa lugha mbili aandike kurasa mbili, kila moja na kichwa chake na maelezo yake. Kwa mzee hatujafanya bado, mpwa wake yuko kwenye mitihani.

Mzee mwenyewe nilimpigia juzi kumwomba ruhusa ya kuwasimulia haya. Akaniambia wanaopiga siku hizi wanaanza moja kwa moja na "mnafungashaje mpaka Bungoma?", na wengine wanataja vifaranga 500 kabla hajasema neno. Simu za kuku hazijaisha, mbili tatu kwa wiki bado zinakuja. Nikamuuliza anawajibu nini. Akasema kuna jirani yake anayefuga kuku wa kienyeji, anawapa namba yake, na mwisho wa mwezi jirani humletea trei ya mayai.